Watu Waliovuka Mto

Kama ulitaka jibu la ndiyo au hapana, kwa Nikolao ulikuwa umekosea mlango. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, anakwambia mawingu yapo. Ukimuuliza kama mboga imekolea chumvi, anasema inalika. Watu wa Newala walimcheka sana, lakini pale ofisi ya wilaya, alikokuwa karani, wakubwa walimtegemea. Kila tangazo gumu lilipita kwake kulainishwa Kiswahili kabla ya kusomwa vijijini. Miaka ile ya ruksa watumishi wa serikali walikuwa wanapunguzwa kazini, wanachumwa kama kisamvu, leo huyu, kesho yule, lakini Nikolao hakuguswa.

Nyumbani alikuwa na mkewe, Cecilia. Huyu alikuwa wa upande wa Mueda, ng'ambo ya mpaka, alivuka mto Ruvuma akiwa binti, akikimbia vita yeye na kaka yake Agostino. Akaolewa huku juu, akapanda mikorosho, akazoea kushuka bondeni kufuata maji na kupanda nayo kichwani. Kitu kimoja hawakujaliwa, mtoto. Vita vilipokwisha kule, ndugu wa mume wakapata la kusema: sasa si arudi kwao, Nikolao naye atafute mwingine? Walimjia hadi barazani. Na unafikiri aliwajibuje, mwanamume mzima yule? "Nimewasikia." Basi, kwisha. Cecilia alikuwa jikoni anachambua kunde, na yeye alisikia vilevile.

Ndipo kikaja kile kikao cha ujirani mwema, wakubwa wa ng'ambo na wakubwa wa huku. Afisa aliyekwenda kutuwakilisha, Bwana Alphonce, mtu wa Moshi, alirudi na tamko lililopigwa mihuri. Akamwekea Nikolao mezani.

"Liandike upya, mzee wangu. Liwe fupi, mwananchi alielewe. Lakini usiniongezee kitu, wala usinipunguzie."

Sentensi iliyokuwa na kazi ni moja: *Pande zote mbili zinatambua umuhimu wa kulipatia ufumbuzi suala la watu waliovuka mto, kwa wakati muafaka na kwa njia zitakazokubalika.*

Sia, mpiga chapa, alichungulia akacheka. "Hii nayo ya kuumiza kichwa? Andika wakimbizi watarudishwa kwao muda ukifika. Mambo kwisha."

"Umeshawafungisha mizigo, mwanangu," alisema Nikolao. "Nani kasema wakimbizi?"

Akamgeukia Bwana Alphonce, na Bwana Alphonce akakiri. Wenzetu walitaka iandikwe wakimbizi. Wa kwetu wakakataa, maana wengine wameshaoa na kuolewa, wengine wana mashamba, na wapo pia Wamakonde wa huku wanaolima kule. Walibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe wakaandika watu waliovuka mto, neno ambalo kila upande uliweza kurudi nalo nyumbani bila aibu.

"Basi ukungu huu ni wa makusudi," alisema Nikolao. "Tukiupangusa, tumevunja kikao."

Akaanza kazi, na hapo ndipo ungempenda. Aliiuliza sentensi maswali: ni nani hasa? Lini? Nani atafanya? Nani akubali? Pale ambapo ya tamko haikujibu, na yake ilipaswa kunyamaza. Sia akapendekeza "wamekubaliana kulimaliza." Hapana, kutambua umuhimu si kukubaliana. "Litashughulikiwa hivi karibuni?" Hapana, hiyo ni ahadi, tena ina tarehe mlangoni. "Kwa njia watakazozikubali wenyewe?" Hapo Nikolao alisita, maana moyo wake ulilitaka neno hilo. Lingempa Cecilia nguvu ya kukataa. Lakini kwenye tamko halikuwemo, akalikata. Na hakulifanya fumbo zaidi ya lilivyokuwa, kwa sababu hata kuongeza giza ni kuongeza. Akabaki na hii: *Pande zote mbili zinaona ni muhimu suala la watu waliovuka mto lipatiwe ufumbuzi, wakati unaofaa na kwa njia zitakazokubalika.*

Alikuwa na desturi yake. Sentensi ya namna hiyo huisomea watu wawili wenye matumaini yanayopingana. Kila mmoja akisikia la kwake, na hakuna aliyepata la kumshika nalo mwenzake, basi haijavuja. Jioni ile akawasomea Agostino na Cecilia.

Agostino, aliyekuwa anaota kwao kila siku, alijipiga paja kwa furaha. "Ehee! Ufumbuzi! Tunarudi, dada."

"Kurudi kumesemwa wapi?" alisema Cecilia. "Njia zitakazokubalika. Mimi sijakubali, nabaki."

Nikolao akakunja karatasi akitabasamu. Ilikuwa imepita. Agostino alipoondoka, Cecilia akaketi karibu na mumewe, na sauti yake haikuwa ya utani tena.

"Serikali nimeisikia. Sasa wewe. Ndugu zako wanasema niende. Wewe unataka nibaki?"

Jamani, neno moja tu. Na alitaka mwanamke yule abaki kuliko alivyotaka mshahara wake! Lakini akawaza: nikisema baki, kesho ikaja amri ya kuwaondoa, nitakuwa nimemdanganya. Na mama yake yuko kule, mzee, nitamfunga kamba? Akaona kumwachia nafasi ndiyo heshima. Akafanya kwa mkewe kile alichofanya kwa serikali mbili.

"Tutaangalia hali itakavyokuwa, mke wangu."

"Haya," alisema Cecilia, akaenda kuteleka.

Tamko lilisomwa vijijini, na watu wakatawanyika kwa amani, kila mtu na lake. Bwana Alphonce akampa Nikolao mkono mbele ya ofisi nzima. Malori ya waliotaka wenyewe kurudi yalipoanza kuja, Agostino alikuwa wa kwanza kuandikisha jina. Cecilia alikuwa wa pili.

Siku ya safari Nikolao ndiye aliyemfungia mzigo. Alifunga vizuri, mafundo mawili mawili. Cecilia akasimama kando ya lori akauliza, "Nikolao, niende?"

"Wewe ndiye unayeujua moyo wako."

Akapanda. Dereva alipowasha, Cecilia alipiga kelele asubiriwe, ati kasahau kanga. Akashuka, akaingia ndani, akakaa humo mpaka watu wakaanza kunung'unika. Nikolao alibaki barazani, hakumfuata, akidhani anatafuta. Cecilia akatoka mikono mitupu, akapanda tena, na lori likaenda.

Ilipofika msimu wa korosho, Agostino alivuka kuja kuuza zake kwa wale wanunuzi wapya wa watu binafsi. Alilala kwa shemeji yake. Asubuhi, wakinywa uji, akamwambia.

"Shemeji, kanga haikusahaulika. Alikuwa anakungoja uingie. Alisema ungeingia tu, hata bila kusema, angekaa."

Nikolao aliweka kikombe chini. Machozi yalimtoka mbele ya shemeji yake, na hakujificha.

"Mwambie arudi," alisema. "Mwambie nampenda, simtaki mwingine, mtoto awepo asiwepo. Arudi hata kesho. Mwambie hivyohivyo, Agostino, usipunguze neno."

Agostino alikizungusha kikombe chake.

"Nilishamwambia utasema hivyo. Akasema hilo alilisubiri hapa, kule halimsaidii. Amenituma nichukue vyungu vyake."

Nikolao akainuka, akaingia jikoni kuviteremsha.