Udongo wa Mgombani kwa Babu

Baba mdogo alisimama mlangoni mwa maabara akiwa amevaa koti la kanisani, nikajua mambo yameharibika. Hakuwa na desturi ya kutoka Suma kuja Tukuyu siku isiyo ya gulio.

"Nimefuata udongo wetu," akasema, hata kabla sijampa mkono.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, maduka ya dawa yakichipuka kila kona ya mji, kila mwenye mafua akijinunulia vidonge vya rangi mbili kama pipi. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nimeazimwa meza kwenye maabara ya hospitali nitafute dawa mpya ndani ya udongo wa kwetu. Nilikuwa nimechota mkebe mmoja chini ya migomba ya babu. Kwetu wafu huzikwa hapohapo nyumbani, mgombani, na babu alilala humo. Anayebeba udongo wa mahali kama hapo kwenda nao mjini hatazamwi vizuri. Baba mdogo aliniruhusu kwa sharti moja: ukimaliza, udongo unarudi.

"Watu wanasema nimekuuzia kaburi," akasema. "Mwanangu, nipe mkebe."

Ndani ya udongo ule nilikuwa nimempata Streptomyces mmoja, bakteria anayeota nyuzinyuzi kama ukungu, mwenye vumbi la kijivu na harufu ya ardhi iliyonyeshewa. Mwanzoni aliwaua bakteria wa majipu vizuri ajabu. Kisha nikamhamishia kwenye mchuzi mzito wa sukari ili anenepe, atoe dawa nyingi zaidi. Akanenepa kweli. Dawa akaacha kutoa, hata tone! Na msimamizi wangu alikuwa anakuja Ijumaa ya wiki iliyofuata. Asipoona kitu, ufadhili unakwisha, mimi narudi kiwandani kuchambua chai. Mpango wangu ulikuwa kurudi kwenye mkebe, nianze upya kumtafuta mwingine.

"Baba, niachie kidogo tu. Kijiko kimoja."

"Cha nini? Huyo mdudu wako anafanya nini humo chini mpaka ugombane nami hivi?"

Nilikuwa na hasira, nikamjibu kwa kelele kama anayegombana sokoni. Nikamwambia huyo hana miguu. Amejishika kwenye jani lililooza, na hapo alipo ndipo atakapofia. Chakula kikiwapo anatanda tu. Kikiisha, anauvunja mwili wake wa zamani, ule wa chini, ili alishe nyuzi mpya zinazopanda juu kuzaa mbegu za kupeperuka. Na mwili ukishaanza kuvunjika ni karamu kwa majirani wote wenye njaa. Tunadhani hapo ndipo anapomwaga sumu, awazuie wasile urithi wa watoto. Majirani ni wengi na kila mmoja ana ujanja wake, ndiyo maana ukoo wao umerundika sumu za kila aina tangu zamani za kale.

"Kwa hiyo akiwa ameshiba—" nikaanza.

"Akiwa ameshiba nini?"

"Hana sababu," nikasema. Jamani! Nilikuwa nimemtunza kama tunavyotunza mgeni, sahani haijaisha unaongeza, kumbe mapishi yangu ndiyo yaliyomnyamazisha.

Labda. Sikuwa na hakika. Huenda alikuwa ameharibika kabisa, wanaharibika hivyo wakihamishwahamishwa. Mkebe ulikuwa kinga yangu pekee, na baba mdogo alikuwa amenyoosha mikono yote miwili.

Nikampa. Wote, na uliobaki kwenye karatasi nikaukung'utia humo.

"Ndaga," akanishukuru taratibu, akaufunga kwa leso, akaondoka.

Mchana uleule nikachora mstari wa bakteria wangu katikati ya sahani yenye wanga kidogo na chumvi, chakula cha kimaskini. Siku zile sikula vizuri. Alikua polepole, mwembamba, nikamtukana. Kisha akageuka kijivu. Nikachora wale wa majipu kutoka ukingoni hadi kumgusa, nikaifunika sahani, nikaomba.

Ijumaa msimamizi hakusalimu sana. Aliinua sahani dirishani, nami nikaangalia viatu vyake kwa sababu sikuthubutu kuangalia kwingine.

"Njoo," akasema.

Mistari ya wale wa majipu ilitoka ukingoni ikiwa minene, myeupe, halafu ikakatika yote kabla ya kumfikia yule wa katikati. Baina yao palikuwa wazi, hapana kitu. Machozi yakanitoka na sikuyafuta.

"Udongo uliobaki uko wapi? Tutauhitaji."

"Nimeurudisha kwa wenyewe."

"Wote? Kabla hujaona hii?"

"Wote."

Akaiweka sahani mezani kwa mikono miwili, taratibu, kama anayelaza mtoto.