Msimbo Ulikoenda

Mshonaji wa magauni, mafichoni kwa mdogo wake, aliwasha simu mpya atafute vipimo vya wateja kwenye akaunti yake. Kivinjari kilichokuja na simu kilikuwa cha toleo la zamani, hakikuonyesha hata sehemu ya kuingia kwa alama ya kidole. Alipokisasisha ikatokea, lakini ikasema ufunguo wa kidijitali wa kuingilia haumo kwenye simu hii. Ulibaki kwenye simu aliyoiacha kwa mumewe alipomtoroka, kwa kuwa hakuwahi kuwasha usawazishaji wa kuunakili kwenye simu nyingine. Akabonyeza "Tuma msimbo wa kurejesha akaunti" bila kusoma.

"Dada, namba hii inayoishia arobaini na moja ni ya nani?" mdogo wake akauliza, akisoma kwenye skrini kwamba msimbo umetumwa huko.

Akaisoma namba ile upya.

"Ya shemeji yako. Ndiye aliyenifungulia akaunti, mjinga mimi! Akiuona msimbo atajua ni mimi, na pa kwanza kunitafuta ni hapa kwako."

Mdogo wake akainuka, akaenda kukaza komeo la mlango.