Malkia Aliyebaki Msafi

Yule bwana alikuwa analamba vidole. Sisemi kwa kumsingizia, nilimhesabia: kidole gumba, cha shahada, cha kati, kisha mkono uleule unakwenda kwenye ubao na kushika askari. Askari anasogezwa, anaachwa pale anang'aa mawese. Karibu na saa yetu ya mchezo kulikuwa na karatasi iliyofunguliwa, ndani yake mihogo ya kuchemsha na ndagala, dagaa wa ziwa letu, waliokaangwa, na kila nilipoinama kufikiri, harufu yake ilinipanda puani mpaka kooni.

Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Rumonge. Chesi naifundisha kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, katika darasa tunaloazimwa na shule, madirisha yake yanatazama ziwa. Watu wazima na vijana wanakuja pamoja: fundi cherehani, walimu wenzangu wawili, wanafunzi, na huyu bwana, mchuuzi wa samaki anayenunua mzigo huko Magara alfajiri na kuuza sokoni kwetu. Kila mwaka klabu yetu inamtuma mtu mmoja Bujumbura kwenye mashindano makubwa. Kwa miaka sita nimewafundisha wengine, nikawasindikiza mpaka kwenye basi, nikawapungia mkono. Mwaka huu nilisema imetosha, na mimi nacheza. Tukachujana, wakabaki wawili wenye alama sawa, mimi na mchuuzi. Atakayeshinda siku ile ndiye anakwenda. Tukitoka sare anakwenda yeye, kwa sababu alishanifunga mara moja huko nyuma.

Kwa hiyo nilihitaji ushindi, na niliuhitaji kwa uchungu ambao sikumwambia mtu. Hata gauni la safari nilikuwa nimeshalipiga pasi.

Nirudi nyuma kidogo, maana bila hili hamtanielewa. Mimi nimekulia kambi ya wakimbizi, Tanzania, upande wa Kigoma. Kule hatukuwa na chesi. Tulikuwa na dama, ubao tuliuchora kwa mkaa kwenye kipande cha boksi, kete ni vizibo vya soda. Baba yangu alikuwa bingwa wa mtaa wetu wa mahema, na siri yake ilikuwa moja tu: kulisha. Katika dama kula ni lazima. Kete ya mwenzako ikikaa mbele yako na nyuma yake kuna nafasi, unaila, upende usipende. Usipoila, yako inaondolewa. Baba alimlisha mtu kete moja, mtu anaila huku anajua anakwenda kuchinjwa, halafu Baba anaruka tatu kwa mpigo na kuingia kwenye mstari wa mwisho. Nilijifunza kumpenda mtu anayelazimishwa kula. Niliona ndiyo akili yenyewe.

Mchuuzi naye alikuja klabuni akiwa mtu wa dama. Siku yake ya kwanza, miaka minne iliyopita, nilimwekea mbele askari wangu ovyo, akamla haraka haraka, akapoteza malkia. Nilipomuuliza kwa nini amekula, akasema kwani si lazima? Darasa zima likacheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Nikaandika ubaoni kwa chaki, kwa herufi kubwa, nikamsomesha kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza.

Sasa turudi kwenye ile karatasi ya ndagala. Tulikuwa tumebakiwa na vitu vichache, kila mmoja malkia, ngome moja, farasi mmoja na askari wake. Wafalme wetu wote wawili walikuwa wamejifungia mstari wa mwisho, mbele yao askari watatu hawajasogea, kwa hiyo ngome au malkia akiingia kwenye mstari ule bila kuzuiwa, mfalme hana pa kutokea. Kwake mstari ule ulilindwa na ngome yake peke yake. Kwangu ulilindwa na malkia wangu, aliyesimama mahali ambapo akihitajika anarudi moja kwa moja ubavuni mwa mfalme. Ngome yangu ilikuwa kwenye njia wazi, inautazama mstari wake wa mwisho kama paka anavyotazama mlango wa stoo.

Ilikuwa zamu yangu, na niliona hatua mbili tamu.

Ya kwanza ilikuwa ya farasi. Anaruka, anampa mfalme sheki, yaani anamtishia moja kwa moja, na hapo hapo anaitishia ngome. Hii niliipiga hesabu kama ninavyowafundisha wengine, bila haraka. Mfalme ana mahali pawili tu pa kwenda: kwenye kona, au hatua moja upande wa pili. Akienda kona, farasi wangu anakula ngome, farasi wake anamla wangu. Akienda upande wa pili, ni yale yale. Je, kabla ya kula akinipa sheki kwa malkia wake kutoka pembe ya ubao? Malkia wangu anarudi ubavuni mwa mfalme, analindwa, imeisha. Mwisho wa njia zote: nina ngome, yeye ana farasi. Faida ipo. Lakini ni faida ya kukamuliwa polepole, saa nzima na zaidi, na saa nzima ile ningeikaa mbele ya mdomo ule unaotafuna.

Alichukua ndagala mwingine, akamng'ata kichwa. Kichwa alikitemea kiganjani, akakiweka pembeni mwa ubao, mahali tunapopanga kete zilizoliwa. Mungu wangu. Karibu na farasi wangu mweusi... nakosea, weusi walikuwa wake, mimi nilicheza nyeupe. Karibu na askari wangu mweupe aliyeliwa, tayari ana madoa ya mawese, kikawekwa kichwa cha samaki.

Hatua ya pili ilikuwa ya malkia. Hatua moja tu ya mshazari, anasimama kwenye njia ya ngome yake, bila mlinzi, mikono mitupu. Ngome ikimla malkia, imetoka mstari wa mwisho. Ngome yangu inashuka mpaka chini, sheki, na hiyo ni mati, mfalme hana pa kukimbilia. Niliiona yote kwa pumzi moja. Nilimwona Baba akiinua kizibo cha soda kwa vidole viwili. Mlishe, binti yangu.

Niliipiga hesabu mara ya pili: anakula, mati. Mara ya tatu: anakula, mati. Mara tatu nikahesabu jibu lilelile moja, nikajiona mwangalifu. Farasi nilimpa njia zake zote kwa sababu mfalme kwenye sheki hana budi kusogea, nikazifuata moja moja. Kwa malkia sikumpa mwenzangu hata njia moja nyingine. Mwili wangu ulishaamua kwamba atakula, maana kula ni lazima. Tena mtu mwenyewe ni huyu, anayekula kila kitu kinachowekwa mbele yake! Ndivyo nilivyofikiri, na sioni haya kuandika, au tuseme naona haya na ninaandika hivyo hivyo.

Nikamgusa malkia. Kwetu ukigusa umecheza. Nikamweka kwenye njia ya ngome, nikabonyeza saa, nikaegemea kiti na kutazama ziwa ili asione uso wangu.

Hakula.

Alikaa muda mrefu, mkono hewani juu ya malkia wangu, na mimi nikawa naomba, shuka, shuka basi. Mkono ukarudi. Akachukua kitambaa mfukoni, akafuta vidole kimoja kimoja, kwa utaratibu, kama mtu anayejiandaa kupokea mtoto mchanga. Halafu akamshika malkia wake mwenyewe, akamtelemsha mpaka kwenye kona ya mstari wangu wa mwisho.

Sheki. Ile sheki ya pembeni ambayo nilikuwa nimeiona! Nilikuwa nimeiona kwenye njia ya farasi, nikaijibu vizuri, kwa sababu kule malkia wangu alikuwa bado na njia ya kurudi kwa mfalme. Sasa nilikuwa nimemtoa kwenye njia hiyo kwa mkono wangu. Nikikinga kwa ngome, malkia wake anaila na ni mati. Nikikinga kwa malkia, anamla, sheki tena, ngome yangu inajitupa katikati, inaliwa, mati. Nilitafuta kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko uliotoboka. Ndugu zangu, kichefuchefu nilichokuwa nacho tangu mchana kiligeuka uelekeo, kikanirudia mimi.

Nikamlaza mfalme wangu.

Mchuuzi hakushangilia. Ningependelea ashangilie, nimchukie kwa raha. Alinitazama kwa adabu, sauti chini, ile adabu ya mtu anayerudisha kitu ulichomkopesha.

"Mwalimu, hapa si dama," alisema. "Kula si lazima."

Maneno yangu ya ubaoni. Hata mkato wa sauti ulikuwa wangu. Wenzetu waliokuwa wamesimama nyuma hawakucheka hata mmoja, na kule kutocheka kwao kulinichoma zaidi, maana walikumbuka wote nani alicheka siku ile. Akaninyooshea mkono. Ulikuwa mkavu, umefutwa. Wangu ndio ulikuwa unateleza kwa jasho, nikamwona akiuhisi. Nikamshukuru kwa Kirundi, murakoze, akakunja karatasi yake, akaondoka kwenda kuwahi wateja wa jioni.

Nilibaki kusafisha, kwa sababu seti ile ni ya klabu na mimi ndiye ninayeitunza. Nilileta beseni, sabuni na maji ya moto. Kichwa cha ndagala nilikitupa dirishani. Kisha nikaosha kete moja baada ya nyingine huku nikijisemea maneno ambayo mwalimu hasemi: askari wake wana mafuta, farasi wake ana mafuta, askari wangu aliowala wana mafuta mpaka shingoni. Maji yakawa mekundu ya mawese, yakanuka, nikayamwaga, nikachota mengine.

Nikafika kwa malkia wangu. Alikuwa bado amesimama pale pale kwenye njia ya ngome, nilipomweka. Nikamgeuza mwangani, nikamfuta kwa kidole kutafuta doa. Hapakuwa na doa lolote. Katika kete zote nilizowahi kumwekea mbele azile, ni yeye peke yake mchuuzi hakumgusa.

Nilimtumbukiza majini hata hivyo, nikamsugua kuliko wengine wote.