Barua ya Bi Mwanamkasi na Simu ya Rahila

Rahila ana steshenari Pongwe, kando ya barabara, na sifa ambayo hakuiomba: anasoma kila kitu. Anapiga picha, anaipa programu ya akili mnemba kwenye simu yake, na karatasi inazungumza. Tangazo la Kiingereza kutoka mpakani Horohoro, boksi la dawa lenye maandishi ya Kichina, ilani ya kata: vyote vilisomeka, na watu wakaacha kuuliza kama vimesomeka sawa.

Ndipo Bi Mwanamkasi akaleta barua ya marehemu baba yake. Ni Kiswahili, lakini kwa herufi za Kiarabu, kwa mkono, wino umegeuka rangi ya chai. Humo baba alitaja mpaka wa shamba la michungwa alilomwachia. Keshokutwa baraza la kata lingesikiliza kesi yake ya mpaka huo na jirani yake, Mwalimu Mwinyijuma, aliyestaafu kufundisha madrasa.

Simu ilisoma bila kusita: shamba ni lake hadi mtoni.

"Nichapie hiyo," alisema Bi Mwanamkasi. "Herufi kubwa, wasije wakasema hawakuona."

Rahila, kwa mazoea, akaitoa barua nje kwenye mwanga, akapiga picha nyingine. Safari hii shamba likaishia barabarani, kwa Kiswahili kitamu kilekile. Akaiandikia simu: neno usiloliona vizuri weka nukta, usibuni. Ikarudisha ukurasa wa nukta na maneno manne: bismillahi, salamu, mwanangu, shamba.

"Imechoka hiyo. Chapa ile ya kwanza."

"Ile ya kwanza haikusoma, bibi. Ilibahatisha."

"Basi nani anasoma?"

Pongwe nzima anayeusoma mwandiko ule ni mmoja, naye ndiye mdaiwa: Mwalimu Mwinyijuma.

Wakamfuata nyumbani.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Rahila.

"Marahaba. Simu imeshindwa?"

"Imeshindwa."

Mwalimu aliisogeza barua karibu na pua, akasoma kimya mpaka mwisho, akarudia mstari mmoja. "Hadi mtoni," alisema. "Na barazani nitasema hivyohivyo. Baba yako alikuwa na mwandiko wa subira, Mwanamkasi. Wewe subira hukurithi."

Alisema hivyohivyo, na shamba likawa la Bi Mwanamkasi. Kabla ya alasiri Pongwe ilishakubaliana: simu ya Rahila ilijua tangu mwanzo. Rahila alikana kwa kila mteja, na kila mteja alimwona mnyenyekevu.

Wiki iliyofuata Mwalimu aliingia dukani na kiboksi cha dawa ya macho, maandishi ya Kiingereza, madogo kama mbegu za ufuta. Rahila akapiga picha. Simu ikasema: tone moja kila jicho, asubuhi na jioni.

"Imesoma, au imebahatisha?"

"Imesoma, Mwalimu. Haya yamechapwa, na yanaonekana."

Mwalimu akakigeuza kiboksi, akakisogeza kwenye mwanga wa mlango.

"Piga nyingine," alisema.