Betri Mbili za Zahanati

Mwaka 2013 nilikuwa karani wa masijala katika halmashauri moja huku Kibondo. Barua za watumishi wote zilipita mikononi mwangu, na nilijiona mtu mkubwa. Kumbe uchapaji wangu ulikuwa wa kivivu. Ikija notisi ya kustaafu, nilifungua ya mwaka jana, nikabadilisha jina na tarehe, nikapeleka kwa afisa utumishi.

Ndivyo nilivyochapa ya tabibu wetu, mfawidhi, yaani msimamizi, wa zahanati ya kijiji cha mbali kidogo na mjini. Alitoka Songea akiwa kijana, akatibu malaria za wanangu wote, na alikuwa akinisalimu kwa Kiha fasaha kuliko changu: "Mwakeye, mama?" Notisi ya miezi sita ilitaja siku yake ya mwisho kazini, likizo aliyokuwa anadai, mfuko utakaomlipa mafao, na kwamba mizigo yake itasafirishwa hadi Songea. Mwishoni ilisema, "Unatakiwa kukabidhi ofisi kabla ya kuondoka."

Nilimuuliza afisa utumishi, "Bosi, anamkabidhi nani? Na lini?"

"Inajulikana," akasema, akasaini rasimu.

Tangu siku hiyo nalichukia neno hilo.

Mfawidhi mpya alikuwa hajaripoti. Siku ya mwisho ya tabibu, kijiji kilimfanyia hafla. Wakamchinjia mbuzi, wakampa godoro na blanketi, akina mama wakalia. Mbele ya watu wote akamkabidhi muuguzi wake funguo za zahanati, wakapiga picha wameshikilia funguo pamoja. Makofi yakapigwa. Stoo haikufunguliwa, wala hakuna aliyehesabu kitu. Nani angemhesabia mzee vitu siku ya sherehe? Ingeonekana ni kumvunjia heshima.

Mfawidhi mpya alifika baada ya wiki sita, akashika leja na kuhesabu. Kwenye leja jokofu la chanjo lilikuwa na betri nne za sola. Alizikuta mbili. Akaandika alichokiona, na hapo ndipo mzee alipokwama. Bila hati ya kutodaiwa jalada lake la mafao halikwenda popote. Mkewe alikwisha kutangulia Songea na watoto. Yeye akabaki kwenye chumba cha kuazima kanisani, analala juu ya godoro la hafla.

Kila Jumatatu alikuja kukaa kwenye benchi langu. Nilimpa chai, nikamwambia, "Bado, Daktari." Nilijisikia vibaya hadi nikaanza kuziogopa Jumatatu.

Yule muuguzi alikuwa amehamishiwa Kasulu. Nikaomba ruhusa, nikapanda basi kumfuata. Alinikaribisha vizuri, akanipa soda.

"Dada, wewe andika tu kwamba ulipokea zahanati ikiwa kamili," nikamsihi. "Mzee anateseka."

"Mimi nilipokea funguo, dada. Vitu sikupokea. Sikuonyeshwa, sikusaini." Akaninyooshea mkono. "Hiyo notisi unayo? Nionyeshe jina langu."

Nilikuwa nayo kwenye mkoba, na jina lake halikuwemo. Palikuwa na sentensi yangu ya kivivu. Sikuwa na la kumlaumu, naye alikuwa na watoto wa kulisha kama mimi. Nilirudi Kibondo nikiwa na vumbi hadi kwenye kope na hasira isiyo na pa kwenda, maana mtu niliyemkasirikia zaidi nilikuwa nimekaa naye kwenye kiti kimoja: mimi mwenyewe.

Jumatatu nikamweleza mzee yote. Alinisikiliza hadi mwisho, kama alivyokuwa akisikiliza kikohozi.

"Nipe karatasi, mama," akasema.

Nikampa. Akaandika taratibu, kwa ule mwandiko wake wa madaktari aliojitahidi usomeke. Aliandika kwamba betri mbili zilipotea yeye akiwa msimamizi, kwamba anakubali kuzilipa, na kwamba anaomba apewe hati yake aende kwao; chini akaweka tarehe na kuandika kwamba anaikabidhi kwa karani wa masijala.

"Lakini Daktari, hukuzipoteza wewe!"

"Najua. Wewe unajua. Nani mwingine anajua?" Akaweka kalamu chini. "Nimechoka, mama. Nataka kwenda nyumbani."

Ningeweza kuichana. Nikaikumbuka Songea, nikamkumbuka mkewe, nikaiacha mezani. Akaniuliza kama imekamilika, na kwa mara ya kwanza nikasoma barua mstari kwa mstari. Tofauti na notisi yangu, ilitaja kitu gani, kiasi gani, nani anakabidhi, nani anapokea na tarehe ngapi. Haikupungukiwa na chochote. Nikaigonga muhuri wa kupokelewa, nikaandika jina langu chini, nikasaini.