Nambari ya Marehemu

Binti yangu alinipigia kutoka Nairobi asubuhi ile. Likizo alikuwa amenyimwa, kwa hiyo hangeweza kuja Msambweni kwa hitima ya baba yake, ya kutimiza mwaka tangu afariki.

"Lakini pesa za mchele na nyama natuma sasa hivi, mama," alisema. "Huhitaji kadi. Utapata msimbo kwenye simu, uende nao kwenye mashine ya benki. Andika elfu nane kamili, usizidishe wala usipunguze. Na uende leo, kesho hautafanya kazi."

Nilikaa nikaitazama simu yangu. Haikulia. Iliyolia ilikuwa ile ya marehemu, iliyokuwa kabatini. Kila Ijumaa nilikuwa naichaji, na sababu sikumwambia mtu. Kwa mwaka mzima haikuwa imepokea ila matangazo ya kampuni ya simu. Nilipoifungua, nikaona tarakimu sita.

Niliitia mkobani, nikapanda matatu, nikashuka Kona ya Musa kwenye benki. Mlinzi wa benki alinipa shikamoo, akanielekeza kwenye mashine, nami nikamnyoshea simu anisaidie.

"Hapana, mama. Huo msimbo usinionyeshe mimi wala mtu mwingine. Andika mwenyewe, mimi nitakuelekeza kwa mdomo."

Akanigeuzia mgongo. Nikabonyeza palipoandikwa "Bila kadi", nikaandika nambari yangu ya simu, msimbo, na elfu nane. Mashine ikakataa.

"Imekataa, baba," nilimwambia mlinzi.

"Nambari uliyoandika ndiyo ya simu iliyopokea ujumbe?" aliuliza bila kugeuka.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikaanza upya. Nambari ya mume wangu sikuhitaji kuitafuta. Vidole vyangu viliijua, ingawa tangu tumzike sikuwa nimeipiga. Nikaandika msimbo ule ule, nikaandika kiasi. Mashine ikanguruma kidogo, noti zikatoka. Nikabaki nimezishika, nikihisi kama aliyenipa ni yeye.

Nje nilimpigia binti yangu.

"Ulituma kwa nambari ya baba yako."

"Niliandika bila kuangalia, mama. Yeye ndiye niliyekuwa nikimtumia kila mwezi."

Kisha akalia, nami nikasimama kando ya barabara nikimsikiliza, watu wakinipita na mifuko yao ya soko. Nilitaka kumwambia aje, hata kwa siku moja. Nikamwambia, "Pesa nimezipata, mwanangu. Usijali."

Hitima ilisomwa, majirani wakala, wakanisaidia kuosha masufuria, wakaaga. Nilifunga mlango kabla ya magharibi, nikapakua sahani moja ya pilau iliyobaki. Niliila peke yangu, polepole, ilhali sikuwa na njaa.