Zamu ya Juani

Hellen Luhende alijiwekea sheria moja: jua likishapanda, yeye yuko kivulini. Halikuwa deko. Alizaliwa na ualbino, na ngozi ya namna hiyo haizoei jua hata ikiishi nalo miaka arobaini. Inaungua tu, na madhara yanarundikana.

Pale Igombe, ufukweni mwa ziwa, katika kikundi cha wanawake waanikao dagaa, alichambua akiwa chini ya banda. Alivaa kofia pana, mikono mirefu na miwani myeusi, maana mwanga uliorudishwa na ziwa na mchanga ulimfuata hadi bandani ukamchoma macho. Dagaa aliwainua karibu na uso ndipo awaone vizuri.

"Dada Hellen, unachambua au unanusa?" wenzake walimtania.

"Nanusa. Wa kwako wameoza."

Walicheka, kazi ikaendelea.

Kisha Rose akachaguliwa mwenyekiti, akaleta neno lake: zamu. Kila mmoja achambue, kila mmoja akageuze dagaa juani.

"Mama, ngozi yangu..." Hellen alianza.

"Ngozi tunayo wote. Hapa hakuna bibi harusi. Na vua hiyo miwani unapoongea na mimi, au ndiyo dharau?"

Hellen akavua. Macho yakamcheza, akayafinya, machozi yakamtoka.

"Mwoneni," Rose akasema, "anatafuta huruma."

Waliomjua tangu utotoni walinyamaza. Mimi nauliza: walinyamazia nini? Mwenye watoto wa kusomesha haachi kikundi. Hellen akaenda juani.

Losheni yake ya kukinga jua, aliyopewa kliniki ya ngozi, iliisha mapema. Wenzake waliichovya kwa siri wakidhani ndiyo inayompa weupe! Rose akampa mafuta ya mgando. "Paka, mafuta ni mafuta." Si kweli. Mafuta ya mgando hulainisha ngozi, hayazuii jua. Na kofia nayo ilipeperushwa na upepo wa ziwani kila alipoinama, hata akaiacha, akajifunga kitambaa kilichoacha masikio wazi.

Sikio la kushoto lilikuwa na kigaga ambacho kliniki walikuwa wakikifuatilia. Kiangazi kile kikawa kidonda, kikatoka damu, kikakataa kupona. Mjini daktari alikata kipande kidogo kikapimwa. Saratani.

"Ni jua la maisha yako yote," daktari alimwambia. "Lakini mwaka huu nani alikupeleka juani?"

"Zamu, daktari."

Rose alikwenda kumpa pole. "Ni mapenzi ya Mungu, mdogo wangu."

Mungu hakupanga zamu ile. Aliipanga mtu mwenye akili timamu, akaiita usawa, kana kwamba kumtendea haki mtu ni kumpa mzigo uleule bila kutazama mgongo wake. Tena hata sasa hajaifuta.

Daktari alimkata Hellen nusu ya sikio la kushoto.